Lile sharti la kwenye mabano: kipeuo cha 3 na mfululizo wa bainomia

Fungua madesa ya hesabu ya mwaka wa kwanza, au daftari lako la kidato cha sita kama bado halijafungiwa maandazi, utaikuta kanuni hii:

(1 + x)^n = 1 + nx + n(n − 1)/2 · x² + n(n − 1)(n − 2)/6 · x³ + …

Na pembeni yake, ndani ya mabano, kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo: |x| < 1. Kanuni yenyewe tunaikariri. Mabano tunayanakili kwa sababu kuna maksi moja pale, halafu tunageuza ukurasa. Nimekaa kwenye vikundi vingi vya kujisomea na bado sijasikia mtu akiuliza kwa nini ni 1. Kwa nini isiwe 2, au nusu? Na ukilipuuza sharti hilo, kinaharibika nini hasa? Makala hii inahusu mabano hayo. Nitatumia namba moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kipeuo cha pili cha 3, ambacho kikokotoo (simaanishi kile cha mafao ya wastaafu) kinasema ni 1.7320508076.

Tuanze na mahali kanuni inapotoka. Kipeo kikiwa namba kamili kama 3, kila mtu anajua (1 + x)³ = 1 + 3x + 3x² + x³, na namba 1, 3, 3, 1 zinasomwa kwenye pembetatu ya Pascal. Lakini kuna njia nyingine ya kuzipata ambayo haihitaji pembetatu. Anza na 1. Ili kupata namba inayofuata, zidisha uliyonayo kwa (n − k)/(k + 1), ambapo k inaanza 0 na kuongezeka moja moja. Kwa n = 3 unazidisha kwa 3/1 unapata 3, kisha kwa 2/2 unapata 3 tena, kisha kwa 1/3 unapata 1, kisha kwa 0/4 unapata sifuri. Ikishaingia sifuri, kila kinachofuata ni sifuri. Mnyororo umekatika, na ndiyo maana jibu lina vipande vinne tu.

Sasa weka n = 1/2. Kanuni ya kuzidisha ni ileile: unazidisha 1 kwa 1/2 unapata 1/2, kisha kwa −1/4 unapata −1/8, kisha kwa −1/2 unapata 1/16, kisha kwa −5/8 unapata −5/128, kisha kwa −7/10 unapata 7/256. Sifuri haiji, na haitakuja kamwe, kwa sababu 1/2 ukiitoa k iliyo namba kamili hupati sifuri. Mnyororo unaendelea bila mwisho:

√(1 + x) = 1 + x/2 − x²/8 + x³/16 − 5x⁴/128 + 7x⁵/256 − …

Tofauti yote kati ya kipeo kamili na kipeo cha sehemu iko hapo. Mnyororo uliokatika ni jumla ya kawaida, na unaweza kuweka x yoyote, hata milioni, jibu litakuwa sahihi. Mnyororo usiokatika unadai swali ambalo hatukuwa nalo kabla: hii jumla inafika popote?

Isaac Newton aliupata mfululizo huu majira ya baridi ya 1664 kuingia 1665, akiwa bado mwanafunzi Cambridge, yaani rika la wengi wanaosoma ukurasa huu. Hakuuthibitisha kwa namna ambayo mhadhiri wako angekubali leo. Aliubashiri kwa kujaza nafasi zilizokuwa wazi kati ya matokeo ya John Wallis. Barua aliyoiandika Oktoba 1676, iliyopitia kwa Henry Oldenburg wa Jumuiya ya Kifalme ya London ili imfikie Leibniz, inaeleza jinsi alivyojiridhisha: aliuchukua mfululizo wa √(1 − x²) akauzidisha kwa wenyewe, vikabaki 1 − x² na vingine vyote vikafutana.

Hebu ufanye hivyo kwa mfululizo wetu, ni dakika tatu tu. Zidisha 1 + x/2 − x²/8 + x³/16 kwa yenyewe. Kwenye x unapata 1/2 + 1/2 = 1. Kwenye x² unapata −1/8 − 1/8 + 1/4, ambayo ni sifuri. Kwenye x³ unapata 1/16 + 1/16 − 1/16 − 1/16, sifuri tena. Kila ukiongeza kipande kimoja, daraja moja zaidi linafutika. Kinachobaki ni 1 + x. Shika jambo hili, tutalirudia: mfululizo huu ukizidishwa kwa wenyewe unatoa 1 + x.

Haya, tutafute √3. Njia ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni kuandika 3 = 1 + 2 na kuweka x = 2. Sharti linakataza, lakini tuweke makusudi tuone. Vipande vinakuwa 1, kisha 1, −0.5, 0.5, −0.625, 0.875, −1.3125, 2.0625 na −3.3515625. Ukijumlisha hatua kwa hatua, jumla zinatembea hivi: 1, kisha 2, kisha 1.5, kisha 2, kisha 1.375, kisha 2.25, kisha 0.9375, kisha 3, kisha −0.3515625. Kipeuo cha 3 kimekuwa hasi!

Kinachonivutia hapa ni mwanzo wake. Niliwaandikia wenzangu wawili wa bweni jumla nne za kwanza tu ubaoni, 1, 2, 1.5, 2, bila kuwaambia ni za nini. Mmoja akasema, "Kaka, si inayumba kwenye 1.75 hivi? Ongeza vipande itatulia." Na kweli, wastani wa 1.5 na 2 ni 1.75, na √3 ni 1.73. Mtu aliyeishia hapo angeondoka ameridhika kabisa. Kwenye karatasi ya mtihani, ambako unaambiwa utumie "vipande vinne vya kwanza", hakuna kitakachomshtua. Anayetaka kuona mwenyewe jinsi inavyolipuka aandike mistari hii kwenye Python:

```
x, c, s = 2, 1, 1
for k in range(10):
    c = c * (0.5 - k) / (k + 1) * x
    s = s + c
    print(k + 1, c, s)
```

Mstari wa kumi utamwonyesha kipande cha karibu −9.5 na jumla ya karibu −4.26. Badilisha `range(10)` iwe `range(40)` na utaona namba za mamilioni.

Kwa nini mwanzo unadanganya? Jibu liko kwenye ile kanuni ya kuzidisha. Kutoka kipande kimoja kwenda kinachofuata unazidisha kwa (1/2 − k)/(k + 1), halafu kwa x. Sehemu ile ya kwanza, ukiacha alama ya hasi, inaanza ikiwa ndogo: 1/2, kisha 1/4, kisha 1/2, kisha 5/8, kisha 7/10. Inaendelea kupanda polepole kuelekea 1 bila kuifikia. Kwa x = 2, uwiano wa kipande kwa kilichokitangulia ni mara mbili ya hizo: 1, kisha 0.5, kisha 1, kisha 1.25, kisha 1.4, na kwa mbali unakaribia 2. Kwa hiyo vipande vya mwanzo havikui, vinapungua au vinalingana. Kuanzia kipande cha tano vinaanza kukua, na mbele kabisa kila kimoja kinakuwa karibu mara mbili ya kilichopita. Huwezi kujumlisha vitu vinavyokua namna hiyo ukategemea vitulie.

Na hapo hapo jibu la swali la kwanza linajitokeza. Kwa x yoyote, uwiano huo unaelekea kwenye ukubwa wa x. Kama ukubwa wa x ni chini ya 1, vipande hatimaye vinapungua kwa kasi ya kutosha na jumla inatulia kwenye namba moja. Kama ni zaidi ya 1, vipande vinakua na hakuna kutulia. Angalia kwamba 1/2 haikuchangia chochote kwenye mpaka huo. Weka kipeo 1/3, −1/2 au 0.7, na sehemu (n − k)/(k + 1) bado itaelekea −1 kadiri k inavyokua, kwa kuwa n inamezwa na k. Mpaka ni 1 kwa kila kipeo ambacho hakikati mnyororo. Umbali huo kutoka sifuri hadi mpakani ndio unaoitwa nusukipenyo cha mfululizo.

Mahesabu yanaishia hapo, na mihadhara mingi pia huishia hapo. Lakini mimi nilibaki na swali moja lililonisumbua. Mchoro wa √(1 + x) kwenye x = 2 ni laini kabisa. Haukatiki, haupandi ghafla, hauna hata kona. √3 ipo, tunaijua. Mbona basi mfululizo unakataa kufika pale? Uwiano unatuambia kwamba haufiki, ila hautuambii nani aliyeuzuia.

Aliyeuzuia yuko upande wa pili. Tazama x = −1. Hapo √(1 + x) ni sifuri, mchoro unasimama wima kama ukuta, na ukivuka kwenda kushoto zaidi hakuna kipeuo cha kawaida tena, maana utakuwa unatafuta kipeuo cha namba hasi. Tatizo liko umbali wa 1 kushoto. Lakini sisi tulitaka kwenda kulia. Inakuwaje ugonjwa wa kushoto uzuie safari ya kulia?

Tujifanye kwamba mfululizo unatulia kwenye x = 2, tuone itakuwaje. Ukitulia, basi vipande vyake pale lazima viwe vinaelekea sifuri. Sasa sogea kwenye x = −1.5. Kwa ukubwa, 1.5 ni robo tatu ya 2, kwa hiyo kipande cha k hapa ni kile cha x = 2 kilichozidishwa kwa robo tatu mara k. Robo tatu mara robo tatu mara robo tatu inakwisha haraka sana, kwa hiyo vipande hivi vinapungua kwa kasi na jumla inatulia, haijalishi alama zao ni chanya au hasi. Hii ina maana kwamba mfululizo wa namba hizi hauwezi kufika mbali upande mmoja bila kufika mbali upande wa pili pia. Ukifika 2 kulia, umefika −1.5 kushoto utake usitake.

Sawa, umefika −1.5. Vipande vyote ni namba za kawaida, sehemu zenye alama ya kujumlisha au kutoa, kwa hiyo jumla yao nayo ni namba ya kawaida. Iite s. Lakini kumbuka kazi ya Newton: mfululizo ukizidishwa kwa wenyewe unatoa 1 + x. Basi s² = 1 − 1.5 = −0.5. Namba ya kawaida ambayo kipeo chake cha pili ni hasi? Haipo. Kwa hiyo tulichojifanya hakiwezekani, na mfululizo hautulii kwenye 2. Rudia hoja hiyo kwa 1.2 na utajikuta kwenye −1.1 ukiwa na s² = −0.1, mkwamo uleule. Namba yoyote iliyozidi 1, hata kwa unywele, inakupeleka kwenye kipeuo cha namba hasi.

Mimi naona hoja hii inaridhisha kuliko uwiano, kwa sababu inamtaja mhusika. Watakaosoma namba changamano watakutana nayo katika sura pana zaidi: kule x ina sehemu ya kuzunguka, eneo la kutulia ni duara lenye kitovu kwenye 0, na duara linapanuka mpaka linapogonga tatizo la kwanza, kwa hapa −1. Ndiyo maana likaitwa nusukipenyo, jina ambalo kwenye mstari wa namba za kawaida halina maana sana.

Pale mpakani penyewe, kwenye x = 1, kuna kisa chake. Kwa kipeo 1/2 mfululizo unatulia hata hapo, na unatoa √2, lakini kwa mwendo wa konokono: kipande cha mia moja bado ni karibu 0.0003, kwa hiyo baada ya kazi yote hiyo unapata tarakimu tatu hivi za desimali. Kwa vipeo vingine mpakani kunaweza kuwa tofauti; kwa kipeo −1, kwa mfano, unapata 1 − 1 + 1 − 1 isiyo na mwisho. Aliyezipanga hali zote hizi kwa uthibitisho kamili ni Niels Henrik Abel, Mnorwe, mwaka 1826, zaidi ya miaka 160 baada ya Newton kuuona mfululizo.

Turudi kwenye √3, kwani bado hatujaipata. Ikiwa x = 2 imekataliwa, tunaandika 3 kwa namna nyingine. Chukua namba yoyote a unayodhani iko karibu na √3, halafu toa a nje ya kipeuo:

√3 = a · √(1 + x), ambapo x = (3 − a²)/a²

Kosa la kwanza lilikuwa kuchukua a = 1. Chukua a = 2, upate x = (3 − 4)/4 = −1/4. Iko ndani ya mpaka, na kwa nafasi. Jumla zikizidishwa kwa 2 zinakuwa 1.75, kisha 1.734375, kisha 1.732422, kisha 1.732117. Zinashuka taratibu kuelekea 1.732051. Zimetulia, ingawa kwa mwendo wa kawaida tu: kila kipande kinaongeza kama nusu ya tarakimu au zaidi kidogo.

Kabla hatujaongeza kasi, angalia jambo moja la matumizi ambalo sijaliona kwenye madesa. Sharti la x kuwa kati ya −1 na 1 lina maana gani kwa a? Kwa kuwa 1 + x ni sawa na 3/a², sharti linasema 3/a² iwe kati ya 0 na 2. Upande wa sifuri unatimia wenyewe. Unabaki upande wa 2, yaani a² izidi 1.5, au kwa ujumla izidi nusu ya namba unayoitafutia kipeuo. Kwa hiyo kukisia juu hakuvunji sharti kamwe. Hata ukianza na a = 100, x inakuwa −0.9997 na mfululizo utatulia kwenye √3, ingawa utazeeka unasubiri. Kukisia chini sana ndiko kunakovunja: a = 1 ilianguka kwa sababu 1 haizidi 1.5. Ukiwa na wasiwasi, kisia juu.

Sasa kasi. Kasi yote inategemea udogo wa x, na udogo wa x unategemea ukaribu wa a. Kisio zuri la √3 lisilo na desimali chafu ni 7/4, kwa sababu 49/16 ni 3.0625, jirani kabisa na 3 ambayo ni 48/16. Basi:

√3 = 7/4 · √(48/49) = 7/4 · √(1 − 1/49)

Hapa x = −1/49. Kipande cha pili ni −1/98, cha tatu ni −1/19208, cha nne ni −1/1882384. Kwa mkono, bila kikokotoo, hizo ni sehemu tatu za kugawanya, basi. Ukizidisha jumla kwa 7/4 unapata 1.732142857 baada ya cha pili, 1.732051749 baada ya cha tatu, na 1.732050820 baada ya cha nne. Tarakimu saba za kwanza baada ya nukta zimetimia. Mfululizo ni uleule uliotupa kipeuo hasi kurasa mbili nyuma kwenye daftari. Kilichobadilika ni mahali tulipoulizia.

Mtu makini atauliza: nimejuaje kwamba tarakimu ni sahihi, kama sina kikokotoo cha kulinganisha? Swali la haki kabisa. Kama x ni chanya na iko ndani ya mpaka, alama zinabadilishana na vipande vinapungua, kwa hiyo jumla inaruka juu na chini ya jibu, na umbali uliobaki hauzidi kipande cha kwanza ulichokiacha. Hiyo wengi wanaijua. Shida ni pale x inapokuwa hasi, kama hapa: vipande vyote baada ya 1 ni hasi, jumla inashuka upande mmoja tu, na ile kanuni haifanyi kazi, kwa sababu vipande vyote ulivyoviacha vinavuta upande uleule. Lakini tunajua kila kimoja ni kidogo kuliko 1/49 ya kilichotangulia, hivyo vyote kwa pamoja havizidi kipande cha kwanza ulichokiacha, gawanya kwa (1 − 1/49). Kipande cha tano, kikishazidishwa kwa 7/4, ni 0.0000000119 hivi. Ukigawanya kwa 48/49 unapata 0.0000000121. Umbali halisi kati ya jumla yetu na √3 ni 0.0000000120. Makadirio yamebana vizuri.

Unaona pia kwamba x ikiwa karibu na −1, ule mgawanyo kwa (1 − ukubwa wa x) unakuwa mgawanyo kwa namba ndogo sana, na kikomo cha kosa kinavimba. Huko kipande kinaweza kuonekana kidogo ilhali kilichobaki ni kikubwa. Ukisimama kwa sababu tu "vipande vimekuwa vidogo", angalia kwanza uko umbali gani kutoka mpakani.

Jambo la mwisho. Si lazima uongeze vipande. Unaweza kuchukua vipande viwili tu, 1 + x/2, halafu jibu unalopata ukalifanya kuwa a mpya na kuanza upya na x ndogo zaidi. Ukifanya aljebra utakuta a(1 + x/2) ni wastani wa a na 3/a, ile njia ya kale ya wastani ambayo Heron wa Aleksandria aliieleza katika kitabu chake cha Metrica. Jaribu kuanzia 5/3. Kipeo chake cha pili ni 25/9, kwa hiyo x = 2/25, na 5/3 · (1 + 1/25) = 26/15. Anza upya na 26/15. Kipeo chake cha pili ni 676/225, wakati 3 ni 675/225, kwa hiyo x = −1/676, na 26/15 · (1 − 1/1352) = 1351/780.

Sehemu hiyo, 1351/780, ina historia. Archimedes, katika kazi yake ya kupima duara, karne ya 3 kabla ya Kristo, anaandika tu kwamba √3 ni ndogo kuliko 1351/780, bila kusema ameitoa wapi, na wanahistoria wamekuwa wakibishana juu ya hilo kwa muda mrefu. Hakuwa na mfululizo wa Newton, hilo ni hakika. Ila sisi tunao, kwa hiyo tunaweza kusema sehemu yake imezidi kwa kiasi gani: kipande kinachofuata ni 26/15 gawanya kwa 8 mara 676 mara 676, ambayo ni 0.00000047.